Umemwambia unampenda, akacheka, akauliza habari za michango

"Da', soma hii afu niambie huyu mtu amesema nini."

Mdogo wangu alinipa simu nikiwa nimekaa na ungo nachambua mchele. Kiundugu ni mtoto wa mama mdogo ila tumelala kitanda kimoja utoto wote, kwa hiyo hapa ni mdogo wangu tu, na ameniruhusu niandike haya ilimradi nisitaje jina la mtu wala kazi yake. Nikafuta mikono kwenye kanga, nikasoma.

Meseji yake, Ijumaa saa 3 usiku:

"Kuna kitu nimekaa nacho muda mrefu. Nakupenda, na sio kirafiki. Sio lazima unijibu leo ila nimeona bora ujue."

Tiki za bluu papo hapo. Anasema juu pale pakaonyesha jamaa anaandika, pakaacha, pakaonyesha tena, pakaacha. Afu ikaja:

"😂😂😂 wee mtoto leo umekula nini"

Na kabla hajajua afanye nini ikaingia ya pili:

"Afu ule mchango wa harusi ya jamaa umeshatuma? Mweka hazina ananisumbua kweli"

Na yeye akajibu: "😂😂 bado, kesho natuma."

Basi. Wako kamati moja ya harusi, wanaongea karibu kila siku, na baada ya hapo wakaendelea kuongea karibu kila siku, mambo ya ukumbi, mambo ya mapambo, kama vile ile meseji haijawahi kuandikwa. Mdogo wangu alikuwa ameisoma mpaka anaijua kwa moyo. Asubuhi anaamini amekataliwa, jioni anaamini jamaa ameona aibu tu, usiku anaamini pengine jamaa hakuelewa kabisa.

Nilimjibu kitu siku ile, kitu cha haraka tu, "mpe muda". Ila likanikaa kichwani wiki kadhaa, kwa sababu mimi nilisoma isimu chuoni na sehemu niliyoipenda kuliko zote ilikuwa uchambuzi wa mazungumzo, yaani watu wanaorekodi maongezi ya kawaida ya simu na ya mezani afu wanayaandika pumzi kwa pumzi, kicheko kwa kicheko, waone watu wanafanya nini hasa wanapoongea. Na hiki alichonionyesha ni kitu ambacho hao watu wamekichimba kweli kweli. Nikaona ni haki yake apate jibu lenye kichwa na miguu.

Kicheko ni mwaliko

Mmoja wa waanzilishi wa fani hiyo, mama mmoja wa Kimarekani, Gail Jefferson, alitumia miaka mingi kusikiliza vicheko. Aliandika mwaka 1979 kwamba mtu akicheka mwishoni mwa alichosema, anamwalika mwenzake acheke pia. Mwenzake ana njia mbili. Anaweza kucheka naye, au anaweza kukataa mwaliko kwa kuendelea kuongea siriasi kuhusu lile lile jambo.

Sasa rudi kwenye ile chati uiangalie hivyo.

Jamaa kaweka 😂😂😂. Huo ni mwaliko, tuigeuze hii iwe utani. Na mdogo wangu akaukubali, akaweka 😂😂 zake mbili na akajibu habari ya mchango. Hapo kwenye zile sekunde chache wote wawili walikubaliana, bila kukaa kikao, kwamba ile meseji ya kwanza ilikuwa mzaha.

Simlaumu hata kidogo, maana umetoa moyo wako mezani na mtu kacheka, ungefanya nini kingine? Kucheka naye ndo njia pekee iliyobaki ya kutoka hapo na nguo zako mwilini. Ila ni muhimu kuliona hili, kwa sababu mtu anayekaa usiku anachambua jibu la mwenzake kwa kawaida anachambua mstari mmoja tu, mstari wa yule mwingine. Anasahau kwamba ukimya wote uliofuata wameujenga wawili. Jamaa akikaa kwake anaweza kabisa kujiambia "si na yeye alicheka". Na atakuwa hajadanganya.

Kwa hiyo kabla ya kusoma jibu lake, soma kwanza ulivyosema wewe na ulivyopokea. Kuna wengi wanatongoza kwa utani, hasa huku kwetu ambako utani una nguvu ya ajabu. Wangoni na Wahehe walipigana vita karne ya 19 na leo ni watani, wanaweza kuambiana maneno ambayo mtu mwingine akiyasema ni ugomvi, na hata msibani mtani anaruhusiwa kufanya vituko ambavyo wengine hawaruhusiwi. Mabinamu wanaitana mume wangu mke wangu mchana kweupe. Kwetu mzaha ni chombo halali cha kubebea mambo mazito, na ndo maana ukimwambia mtu "we ntakuoa wewe" katikati ya vicheko na yeye akakwambia "lete ng'ombe basi", huna cha kuchambua hapo. Umerusha utani umerudishiwa utani. Hajajibu kitu chochote kwa sababu hujamuuliza kitu chochote.

Mdogo wangu lakini aliuliza. Meseji yake haikuwa na emoji hata moja. Ilikuwa na "na sio kirafiki". Kwa hiyo ile nadharia yake ya usiku kwamba jamaa hakuelewa, nikamwambia tuifute.

Alielewa.

Hapana huwa haisemwi hapana

Jaribu kukumbuka mara ya mwisho umekataa mwaliko. Jirani kakwambia njoo Jumapili kuna shughuli nyumbani, na wewe unajua kabisa huendi. Ulisema hapana? Hukusema. Ulisema "haya, nikijaliwa", au "ngoja nione ratiba ya watoto", na jirani akaelewa palepale, hakukupikia. Mtu akiombwa mchango akasema "ntaangalia", mweka hazina mwenye uzoefu hamuandiki kwenye daftari.

Hii sio tabia ya Waswahili peke yetu. Anita Pomerantz alionyesha mwaka 1984, kwenye maongezi ya Kiingereza, kwamba kukubali na kukataa vina maumbile tofauti. Kukubali kunakuja haraka na kwa ufupi. Kukataa kunachelewa, kunaanza na vineno vya kusogeza muda, kunazungushwa, kunapewa sababu, wakati mwingine kunaanza kwa kufanana na kukubali. Baadaye, mwaka 2009, kundi la watafiti likalinganisha lugha 10 za mabara tofauti, Kijapani humo, Kikorea humo, na lugha moja ya wawindaji wa Namibia humo, wakakuta kwamba mtu akiulizwa swali la ndiyo au hapana kwa kawaida anajibu ndani ya kama robo ya sekunde hivi, na kwa ujumla ndiyo inatangulia kufika kuliko hapana.

(Hili la muda msilipeleke kwenye simu tafadhali. Kwenye simu mtu anachelewa kwa sababu bando limeisha, yuko kwenye daladala, anakaanga samaki. Pale ana kwa ana ndo lina maana. Kilichonigusa mimi kwenye chati ya mdogo wangu ni kule kuandika na kufuta, maana hapo tunajua mtu alikuwepo, ana bando, na anatafuta maneno.)

Afu kuna kazi nyingine ya wadada wawili wa Uingereza, Celia Kitzinger na Hannah Frith, ya mwaka 1999, ambayo mimi ningependa kila kijana wa kiume aisome. Walikaa na vikundi vya wasichana wakaongea nao kuhusu kukataa wanaume. Wasichana wakawaambia kutamka hapana kavu kavu ni kugumu na kunaonekana ukorofi, kwa hiyo wanazunguka. Na hoja ya wale wadada ikawa nzito sana: kuzunguka huko ndo namna binadamu wote wanavyokataa kila kitu, chai, safari, mkopo, na kila mtu anaelewa bila shida. Sasa inakuwaje uelewe kwenye chai halafu kwenye mapenzi udai hujaelewa?

Wahenga wetu walishafika huko siku nyingi, akufukuzaye hakwambii toka.

Kwa hiyo nikamwambia mdogo wangu ukweli kama nilivyouona, kwamba kicheko pamoja na kubadilisha mada, vyote viwili kwa pamoja, kwenye swali ambalo limeulizwa wazi, kwa umbo lake ni kukataa. Akanyamaza. Afu akaniuliza swali ambalo sikuwa na jibu lake pale pale.

"Sa mbona shemeji naye alicheka?"

Yule aliyerudi mwenyewe

Shemeji anayemsema ni mume wa dada yetu mkubwa. Hadithi yao ukoo mzima unaijua. Dada alimwambia yule bwana stendi ya mabasi, anamsindikiza anasafiri, akamwambia nimekupenda. Yule bwana akacheka kicheko kikubwa watu wakageuka, akasema "basi lenyewe hili halina hata siti za dirishani", akapanda. Ukitazama umbo lake, ni kile kile. Kicheko, na kubadilisha mada. Dada alirudi nyumbani akalia.

Usiku ule ule bwana akapiga simu. Swali lake la kwanza, hata salamu dada anasema hakumaliza: "Kile ulichosema stendi, ulimaanisha?"

Wana watoto watatu sasa.

Hili ndo lililonisumbua kwa muda mrefu kuliko yote, maana kama umbo la jibu ni moja na matokeo ni mawili, basi umbo la jibu halitoshi. Nilirudi kulichambua tena na tena, na mwishowe nikaona tofauti haiko kwenye kicheko kabisa. Iko kwenye kinachofuata. Shemeji alibanwa, hadharani, makonda wanapiga kelele, akakimbilia mzaha, ila alivyopata faragha na pumzi akalirudia lile jambo yeye mwenyewe bila kusukumwa. Jambo alilolikimbia lilikuwa linamvuta.

Kicheko peke yake kinakwambia kitu kimoja tu, kwamba mtu amezidiwa ghafla. Hakikwambii amezidiwa na nini. Anaweza kuwa amezidiwa na furaha au amezidiwa na huruma ya kukukatisha tamaa. Mtu akiwa na furaha asiyoitarajia, ile kitu haimwachi, ataizunguka, atapiga simu, atatuma "we ulikuwa siriasi jana?", atatafuta kisingizio cha kukurudisha pale pale ulipoachia. Mtu ambaye amekwepa kwa sababu hataki, atashukuru umemruhusu akwepe, na hatagusa tena.

Ndo maana hata aina ya mzaha ina maana kidogo. "We uko siriasi?" pamoja na kicheko ni swali, ameacha nafasi ujibu, ameshika mlango. "Leo umekula nini" ikifuatwa palepale na mada nyingine haijaacha nafasi. Ile meseji ya pili ya mchango wa harusi ndo iliyofunga, zaidi ya zile emoji. Angecheka akanyamaza, ningekuwa na mashaka mengi zaidi.

Akipewa habari nzito huwa anafanyaje?

Hilo ndo swali nililomuuliza mdogo wangu, na ningeshauri mtu ajiulize kabla ya kutazama kitu kingine chochote. Kuna watu wanacheka kila kitu. Nina mjomba ambaye aliambiwa ana sukari akatoka hospitali anatania kuhusu chai, na kila aliyekuwa naye anajua usiku ule hakulala. Mtu wa namna hiyo huwezi kumpima kwa kicheko chake, ndo pumzi yake.

Mdogo wangu akafikiri. Akasema mwaka jana mama mdogo alipolazwa alimtumia jamaa meseji usiku, na jamaa hakuchati, alipiga. Alikaa kwenye simu mpaka yeye akatulia. Hakutania hata neno moja.

Akaishia hapo. Nikaona uso wake umebadilika wakati anaongea, maana yeye mwenyewe alikuwa ameshafika.

Huyu kaka anajua kukaa na jambo zito. Anajua kupiga simu. Ana mzaha, ila mzaha sio kimbilio lake la kila siku, na safari hii alikimbilia mzaha.

Ndo tukaanza kuangalia wiki zilizofuata, tukipandisha chati taratibu. Na vitu vilikuwepo, vidogo vidogo, ambavyo kimoja kimoja havina maana ila vikikaa pamoja vinaongea. Voisi za usiku zilikuwa zimeisha, anaandika tu. Kwenye grupu la kamati anamjibu chap, faragha anachelewa mpaka asubuhi. Na kuna siku, Jumanne ile ya baada ya Ijumaa, akaanza kumwita "sista". Kabla ya hapo hajawahi, tulitafuta hatukuona. "Poa sista." "Asante sista." Mtu anayekuita sista kuanzia siku nne baada ya kumwambia unampenda, ameshakutafutia chumba kwenye nyumba yake na sio chumba ulichoomba. Wiki iliyofuata ndo kabisa, akatania kwenye grupu kwamba siku ya harusi atamtafutia mchumba meza ya mbele.

Hapo mdogo wangu akaweka simu chini.

Lakini tuwe waangalifu na hizi dalili, kwa sababu mtu mwenye mapenzi anaweza kuzipindisha upande wowote anaotaka. Angeongeza voisi tungesema anapenda, amepunguza tunasema hapendi, na pengine ana jirani mpya anayelala mapema. Mimi dalili naziamini pale tu zinapokuwa ni mabadiliko kutoka alivyokuwa, na zote zinaelekea upande mmoja, na hakuna hata moja inayorudi kwenye lile jambo.

Anayecheka naye yuko kwenye shida

Mwaka 1993 Roy Baumeister na wenzake wawili kule Marekani walikusanya simulizi za watu kuhusu mapenzi yasiyorudishwa, kutoka pande zote mbili, waliopenda na waliopendwa. Kilichoonekana ni kwamba aliyependa, pamoja na maumivu yote, anajua afanye nini. Nyimbo zote, hadithi zote ni za kwake, zinamwambia jitahidi, usikate tamaa. Aliyependwa bila kutaka hana mfano wa kufuata. Anajisikia ana hatia kwa kosa ambalo hajafanya, hajui aseme nini, kwa hiyo anasema kitu chepesi akitumaini mwenzake ataelewa. Na mwenzake, anayetafuta matumaini, anasikia matumaini.

Nikikaa nafikiria zile sekunde za kuandika na kufuta, namwonea huruma huyu kaka pia. Ijumaa saa 3 usiku, pengine anakula, na anapokea meseji ambayo jibu lake lolote litaumiza mtu anayempenda kwa namna nyingine. Zamani angekuwa na mshenga katikati. Barua ya posa inaletwa na watu wazima, wenyeji wanasema tumeipokea tutawajibu, na zile wiki za kusubiri kila upande ulijua ni za nini, na kama jibu ni hapana linapelekwa na mtu ambaye sio mwenye moyo kwenda kwa mtu ambaye sio mwenye moyo. Simsifii kila kitu cha mshenga, wasichana wengi hawakuulizwa chochote. Ila ile nafasi ya katikati ilikuwa na kazi. Sasa hivi swali linaingia mfukoni mwa mtu na tiki ya bluu inamsaliti kwamba ameshasoma.

Pale ambapo kicheko hakina uhuru

Hapa nisimame kidogo maana sio kila kicheko kinaruhusu kuulizwa tena.

Duka moja ninalonunua vitu vya jumla kuna dada wa kaunta, na mwenye duka humtania mbele ya wateja. Siku moja nikiwa kwenye foleni alimwambia kwa sauti ya chini lakini nilisikia, "mi nakupenda ujue, sio utani." Dada akacheka, "haya bosi bwana", huku anapanga sarafu za mia mbili mbili kwenye droo, anazipanga zilizokwishapangwa. Akaniita mimi nilikuwa wa tatu kwenye foleni. "Dada yangu karibu, unachukua nini?"

Bosi akatoka anatabasamu. Nina uhakika moyoni mwake alihesabu kile kicheko kama ushindi.

Dada yule anahitaji mshahara. Hawezi kusema hapana na hawezi kununa. Ana kicheko, na ana mteja wa tatu. Pale ambapo mmoja anaajiri mwingine, anamfundisha, anampangisha chumba, anambeba bure kila asubuhi kwenye gari lake, kicheko na kubadilisha mada ni hapana iliyokamilika, na kuuliza mara ya pili "ili nipate uhakika" ni kumbana mtu ambaye ameshajibu kwa njia pekee aliyoachiwa. Hapo hata ile habari ya kusubiri kama atarudi mwenyewe naiwekea mashaka, maana hata akirudi na maneno matamu hujui ameletwa na moyo au na kodi ya nyumba.

Mdogo wangu na yule kaka hawako hivyo. Wote ni wanakamati, hakuna mwenye mkate wa mwenzie.

Kuuliza mara ya pili

Tulibishana hapa, mimi na yeye, zaidi ya jioni moja. Mimi msimamo wangu ulikuwa asiulize. Jibu limeshatoka, niliona, na kumtaka mtu alitamke ni kumpa kazi ngumu mara mbili. Yeye akaniambia kitu ambacho kilinigeuza: "Da', wewe unajua. Mimi sijui. Kila siku nikiamka naanza upya."

Na ni kweli, jibu linaloeleweka na mtu wa pembeni sio lazima liweze kumtuliza mwenye nalo. Alikuwa halali, hali vizuri, na kila "asante sista" anaibeba siku nzima. Nikakubali kwamba mara moja, kati ya watu wawili walio huru, ni haki. Moja. Na iwe imeandikwa kwa namna ambayo hapana ni rahisi kuitoa kuliko ndiyo, maana ndiyo haihitaji msaada.

Tukaandika pamoja, tukafuta sana. Tulitoa "samahani" maana hana kosa. Tulitoa "najua labda" maana inamwekea maneno mdomoni. Tulitoa emoji zote, kwa sababu emoji moja tu ingekuwa mwaliko mwingine wa kucheka. Na hatukuuliza "ulimaanisha nini ulivyocheka", kwa sababu swali hilo linamfanya ajitetee, na mtu anayejitetea anaahidi vitu asivyoweza. Ikabaki hivi:

"Ile meseji yangu ya Ijumaa sikuwa natania. Nilicheka kwa sababu ulicheka. Kama hauko huko niambie tu, hata neno moja linatosha, sitauliza tena na kamati tunaendelea kama kawaida."

Alituma saa 12 jioni siku ya Jumapili. Tuliichagua ile saa ili jamaa asiwe kazini wala usingizini. Jibu lilikuja kesho yake mchana:

"Nilijua hukuwa unatania ndo maana nilicheka, nilichanganyikiwa. Nakuheshimu sana na sitaki nikudanganye. Sipo huko. Nisamehe nilivyokupotezea."

Alilia, kama dada yetu alivyolia siku ya stendi. Ila alilala usiku ule, na kesho yake alikula.

Bado sina uhakika kama mimi nilikuwa sawa kukubali. Huyu kaka alilazimika kukaa usiku mzima na ile meseji, nina uhakika, jibu lake halikuandikwa kwa dakika mbili. Mdogo wangu anasema bora vile, angalau usiku ule walikosa usingizi kwa zamu. Mimi nasema huyu kaka angekuwa mwepesi zaidi wa moyo, angekataa hata kabla ya ile meseji ya pili. Hatujakubaliana mpaka leo.

Kwa mnaocheka

Nina ombi kwenu ambao meseji kama ile inawakuta ghafla na vidole vinakimbilia zile emoji. Siwaambii mjibu palepale, hakuna anayeweza. Ila kuna sentensi moja inayotosha kwa usiku wa kwanza, na haikuahidi kitu wala kukufunga: "Nimeisoma, naichukulia siriasi, nipe mpaka kesho nikujibu vizuri." Afu kesho yake ujibu kweli. Yule kaka mwenyewe, walipokutana kwenye kikao kilichofuata na wakapata dakika mbili nje ya ukumbi, alimwambia mdogo wangu kwamba angekuwa na maneno kama hayo siku ile angeyatuma, tatizo hayakumjia kabisa, kilichomjia ni mweka hazina.